Kumuaga Mgeni kwa Simu: Shukrani, Radhi na Maoni katika Ujumbe wa Nyumba ya Wageni Kutulo

Kutulo, mji mdogo ambao wengine huuandika Kotulo, uko kwenye barabara itokayo Wajir kwenda El Wak na Mandera. Barabara hiyo ilikuwa ya mchanga na vumbi kwa miaka mingi. Mwaka 2020 Benki ya Dunia iliidhinisha fedha za kutengeneza sehemu za njia kuu ya kutoka Isiolo hadi Mandera kupitia Wajir, na Kutulo umo katika njia hiyo. Wanaolala mjini humo ni watu wa safari: madereva wa malori, wafanyabiashara wa mifugo, mafundi wa barabara, wauguzi, walimu waliohamishwa, maofisa wa serikali. Wengi wao hulala Kutulo kwa sababu jua limewachwea hapo, si kwa sababu walikusudia kufika hapo.

Jambo moja katika maisha ya nyumba za wageni za barabara kama hiyo linamhusu mwanafunzi wa lugha. Msafiri huondoka alfajiri. Pengine amelipa tangu usiku, naye hutoka wakati aliyempokea bado yuko msikitini au amelala. Ufunguo huachwa mlangoni. Kuagana kwa ana kwa ana, ambako ndiko kungefunga mahusiano ya mgeni na mwenyeji wake, hakutokei. Badala yake hutumwa ujumbe wa simu, kwa nambari aliyoiacha mgeni alipolipa kwa M-Pesa, njia ambayo imetumika Kenya tangu mwaka 2007. Ujumbe huo una kazi mbili, nazo hazipatani kwa urahisi. Unamshukuru mgeni, na unamwomba aseme lililomkera. Makala haya yanachunguza kwa nini ujumbe wa namna hiyo aghalabu husikika kama tangazo lililokaririwa, na ni wapi katika sarufi na desturi ya Kiswahili panapopatikana njia nyingine.

Sampuli ifuatayo haikutoka katika nyumba yoyote maalumu. Imeunganishwa kwa misemo ambayo kila mwenye simu ameizoea:

(1) Mpendwa mteja, asante kwa kuchagua nyumba yetu. Tunathamini maoni yako. Usisite kuwasiliana nasi. Karibu tena.

Hakuna kosa la upatanisho wa kisarufi katika (1). Mwalimu wa sekondari hawezi kuutia wino mwekundu. Hata hivyo anayeusoma hajibu, na akijibu hujibu kwa neno moja. Yafaa kuupitia ujumbe huu polepole, maana kila kipande kina ila yake.

Neno *mteja* nchini Kenya limepata historia ya pekee. Sauti iliyorekodiwa ya kampuni ya simu imewaambia Wakenya kwa miaka mingi kwamba mteja wa nambari waliyopiga hapatikani, hata vijana wakafanya *mteja* kuwa sifa: mtu akizima simu husemwa kwamba yuko mteja. Kwa hiyo anayeanza ujumbe wake kwa neno hilo anaanza kwa sauti ya mashine, atake asitake. *Mgeni* ni neno la aina nyingine. Lina mwenzake, yaani *mwenyeji*, na wawili hao wana haki na wajibu wanaojulikana pande zote mbili. Wasomali wa Kutulo wana *marti*, na wajibu unaoambatana na neno hilo si haba. Ni ajabu kidogo kwamba mtu ambaye lugha yake ya kwanza inampa *marti*, na ya pili inampa *mgeni*, huandika *mteja* pale anaposhika simu.

Kipande cha pili ni *asante kwa kuchagua*. Shukrani hudai sababu. Austin, katika mihadhara yake iliyochapishwa mwaka 1962, alionyesha kwamba kuna semi ambazo kuzitamka ni kutenda, na kwamba tendo hilo huharibika pale masharti yake yasipokuwapo. Kushukuru ni mojawapo. Anayeshukuriwa kwa kuchagua hudhaniwa kuwa alikuwa na mengi mbele yake, akayapima, akapendelea moja. Katika mji mkubwa dhana hiyo huweza kupita. Dereva ambaye gurudumu lake lilipasuka karibu na Kutulo saa moja jioni hakuchagua chochote, naye akisoma kwamba anashukuriwa kwa uteuzi wake hutambua mara moja kwamba asemaye hamjui. Kiswahili kina sababu nyingine za shukrani ambazo ni kweli katika hali zote: mgeni *amefika*, *amelala kwetu*, *amevumilia*. Vitenzi hivi husimulia lililotokea. *Kuchagua* husimulia lile ambalo mwenye nyumba angependa liwe limetokea.

*Tunathamini maoni yako* kuna tatizo la kina zaidi, nalo liko katika nomino. *Maoni* ni zao la kitenzi *ona*, lakini katika matumizi ya magazeti na mabaraza limekuja kuwa jina la mawazo yaliyokwisha pangwa, kama yale ya mhariri au ya mbunge. Mtu aliyelala bila maji hana maoni. Ana tukio. Akiulizwa maoni yake huona ameombwa hotuba, naye hana hotuba, basi hunyamaza. *Mrejesho*, neno jipya ambalo maofisi yamelipenda, halisaidii hapa, kwa sababu huomba kitu kirejeshwe bila kusema kilichokuwa kimepelekwa.

Ama *usisite kuwasiliana nasi*, ni ukanushi wa jambo ambalo hakuna aliyelidai. Kumwambia mtu asisite ni kumwonyesha kwamba pana sababu ya kusita. Na *nasi* hiyo ni nani? Mgeni aliona watu wawili: aliyempa ufunguo na aliyempikia chai. Hakuona *sisi*.

Yawezekana mtu akadhani kwamba dawa ya haya yote ni kuweka jina la mgeni mwanzoni. Mashine nazo huweka jina, tena kwa herufi kubwa zote kama lilivyosajiliwa. Kipimo kilicho bora ni cha kubadilisha: ujumbe wa mgeni wa chumba kimoja upelekwe kwa mgeni wa chumba kingine bila kugeuza neno lolote isipokuwa jina. Ukimfaa naye sawasawa, basi ni wa kukaririwa. Sampuli (1) ingemfaa aliyelala Kutulo, na aliyelala Mombasa, na aliyenunua godoro.

Kinachokosekana katika (1) huonekana vizuri zaidi ikilinganishwa na kuagana kwenyewe. Malinowski mwaka 1923 alieleza aina ya usemi ambao kazi yake ni kufunga uhusiano wa watu, si kupeleka habari. Na maagano ya Kiswahili mara nyingi hutajwa kama mfano wa usemi huo. Maelezo hayo ni ya kweli kwa sehemu tu. Mwenyeji anapomsindikiza mgeni hadi njiani, maneno yake huwa na hatua tatu. Hushukuru kwamba mgeni alifika. Huomba radhi kwa yaliyopungua. Kisha humtakia safari njema na kumkaribisha tena. Hatua ya kwanza na ya tatu zimo katika sampuli (1), ingawa kwa umbo la kuazima. Ya pili imeondolewa, na mahali pake pakawekwa ombi la maoni. Hapo ndipo ujumbe ulipovunjika. Kuomba radhi ndiyo nafasi ambayo desturi imekwisha itenga kwa ajili ya mapungufu, na aliyeing'oa ili apande kitu kigeni hana pa kukishikiza.

Kwa mwandishi wa Kutulo jambo hili lina faida ambayo huenda hajaitambua. Neno *radhi* ni la asili ya Kiarabu, na neno hilohilo limo katika Kisomali kwa umbo la *raalli*. Msomali anayeomba msamaha husema *raalli ahow*. Hilo *ahow* ni amri ya kitenzi cha kuwa. Maana yake ni *uwe radhi*. Kiswahili husema *niwie radhi*, na *-wia* ni umbo la kutendea la kitenzi *-wa*. Lugha mbili zisizo na undugu wa nasaba zimechukua neno moja kutoka mlango mmoja, na zote mbili zikaliunga na kitenzi cha kuwa. Kijana wa mapokezi ambaye hukiona Kiswahili cha shuleni kuwa kizito hana haja ya kujifunza hatua hii. Anayo mdomoni kwa lugha yake. Kilichomzuia kuitumia ni ile fikra kwamba ujumbe wa biashara lazima ufanane na ujumbe wa benki.

Hata hivyo radhi yenyewe ni msemo uliozoeleka, na msemo uliozoeleka hujibiwa kwa msemo. Anayesema *mtuwie radhi kwa yote* hujibiwa *hakuna neno* au *hamna shida*, hata kama mgeni alikesha akipigana na mbu. Adabu inamtaka ajibu hivyo. Mtu angelalamika hapo angeonekana amekosa malezi, kwa kuwa ameivunja hatua ya pili wakati imekusudiwa kupitiwa upesi. Basi kurudisha radhi peke yake hakutoshi. Yafaa radhi iwe ya kitu kilichotajwa, tena kitu ambacho mwenye nyumba alikijua kabla ya mgeni kukisema. Kinachotokea hapo ni rahisi kukieleza. Mwenyeji akitaja mwenyewe kwamba maji yalikatika, ameondoa ile aibu ya mgeni kuwa wa kwanza kulitaja. Mlango ukishafunguliwa na mwenye nyumba, kuingia si utovu wa adabu.

Baada ya radhi huja swali, na aina ya swali ina uzito. Maswali ya ndiyo au siyo yamelaumiwa sana na wanaofundisha mbinu za mahojiano, lakini lawama hiyo haikutenganisha mambo mawili. *Ulifurahia kukaa kwetu?* ni swali kuhusu moyo wa mtu, na katika maagano jibu lake limekwisha amuliwa na adabu. *Maji ya asubuhi uliyakuta?* nalo ni la ndiyo au siyo, ila linauliza habari ya ndoo. Hakuna adabu inayomlazimisha mtu kuidanganya ndoo. Mgeni atasema aliyakuta au hakuyakuta, na akisema hakuyakuta mara nyingi ataendelea kwa sentensi moja zaidi, na hiyo sentensi ndiyo iliyokuwa ikitafutwa. Kiambishi *-li-* nacho kina kazi hapa: huliweka tendo mahali pake katika wakati uliokwisha, kama katika ushahidi. *Umefurahia* yenye *-me-* huuliza hali aliyo nayo msomaji sasa, naye sasa yuko ndani ya gari, amechoka, hana nafasi ya kupima furaha yake.

Tuchukulie sasa nyumba ya vyumba kumi na viwili, yenye tangi moja juu ya paa. Mgeni ni mwalimu aliyelala usiku mmoja njiani kuelekea kituo chake kipya. Usiku saa tatu tangi lilikauka, na kijana wa mapokezi akapeleka ndoo mbili mlangoni kabla ya alfajiri. Mwalimu ameondoka. Ujumbe unaoweza kumfuata ni huu:

(2) Mwalimu, shukrani kwa kulala kwetu. Utuwie radhi kwa maji yaliyokatika jana usiku. Ya asubuhi uliyakuta? Ukifika salama utujulishe. Ni mimi niliyekupa ufunguo.

Anayeitwa hapa ameitwa kwa kazi yake, kama watu wa Kenya wanavyoitana wanapoheshimiana bila kujuana sana. Jina la kazi haliwezi kutiwa na mashine ya malipo. Vitenzi *utuwie* na *utujulishe* vina kiambishi cha nafsi mbele na irabu *-e* mwishoni. *Tuwie* na *tujulishe* vingekuwa sahihi pia, ila vingekaza kidogo, na mtu aliyekosa usingizi kwa ajili ya maji hapaswi kukazwa. Swali halina *je*. *Je* huutangaza ujio wa swali, nayo imekuwa alama ya matangazo ya redio. Swali la mtu kwa mtu hutosheka na kidatu cha sauti, ambacho katika maandishi ni alama ya kuuliza.

*Ukifika salama utujulishe* ina kazi ya siri. Ni ombi ambalo kila msafiri wa Afrika Mashariki hulijua kutoka kwa mama yake, nalo lina sababu njema ya kujibiwa ambayo haihusu nyumba hata kidogo. Mwalimu atakapojibu kwamba amefika, habari ya ndoo itapanda mgongoni mwa jibu hilo. Hajaombwa kuandika lalamiko. Ameombwa kusema kwamba yu hai, naye akiwa anaandika atasema na hilo jingine. Jambo la kuangaliwa ni kwamba ombi hili halitaji mji. Katika wilaya ambazo usalama wa njia umekuwa wasiwasi wa muda mrefu, ujumbe unaotaja mtu anakokwenda, au nambari ya chumba alicholala, ni habari iliyo wazi kwa yeyote atakayeishika simu hiyo. Askari au ofisa anaweza kuudhika kwa haki.

Sentensi ya mwisho hubadilisha nafsi. Ujumbe wote ulikuwa wa *tu-*, yaani nyumba; sasa anatokea *mimi*, na anajitambulisha kwa kirejeshi: *niliyekupa*. Mgeni huenda hakumbuki jina la kijana, lakini mkono uliompa ufunguo anaukumbuka. Kirejeshi hiki hufanya kazi ya sahihi. Nacho ndicho sehemu ngumu zaidi kukaririwa, kwa kuwa kila mtumaji hulazimika kukumbuka alimfanyia nini mgeni huyu.

Kuna sharti la kifundi ambalo mwanaisimu hana budi kulijua kabla ya kuwasifu au kuwakosoa waandishi wa ujumbe wa aina hii. Ujumbe mfupi wa simu una nafasi 160 kwa herufi za kawaida. Mfano (2) una 159 pamoja na nafasi zilizo wazi. Kiswahili kimebahatika kuandikwa bila alama za juu ya herufi, kwa hiyo hutumia nafasi hizo zote, isipokuwa pale inapotokea *ng'*. Ritifaa iliyo wima haina madhara. Iliyopinda, ambayo huingia mtu anaponakili maandishi kutoka kwa kompyuta, haimo katika herufi za kawaida za mfumo huo, na mara moja ujumbe mzima hugeuzwa kuwa wa namna nyingine wenye nafasi 70 tu. Radhi kuhusu king'amuzi kilichoharibika, ikiandikwa kwa ritifaa hiyo na kwa urefu wa mfano (2), ingepelekwa vipande vitatu na kulipiwa mara tatu. Picha ya uso unaocheka ina athari hiyohiyo. Katika njia ambayo mtandao hukatika kati ya mji na mji, kipande kimoja hufika salama kuliko vitatu.

Pia ujumbe wa kuaga ukiongezewa bei ya vyumba au punguzo la mwezi ujao huacha kuwa wa kuaga. Msomaji hulitambua hilo kabla hajamaliza mstari. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 nayo hutofautisha nambari iliyotolewa kwa shughuli moja na matumizi yake kwa biashara nyingine, ambayo huhitaji ridhaa. *Karibu tena* haikuwekwa katika (2) kwa sababu ya nafasi, na haikuleta hasara. Kwa dereva apitaye Kutulo kila wiki neno hilo ni la haki, kwa mwalimu aliyehamishwa ni la kujaza tu.

Mfano (2) wenyewe huharibika upesi. Ukitumwa kesho kwa mgeni mwingine, wakati maji hayakukatika, ni uongo. Na ukitumwa kila siku kwa kila chumba, radhi ya maji itageuka kuwa kiitikio, na wageni wataijibu *hakuna neno* kama walivyoijibu ile ya *kwa yote*. Hiyo ndiyo dalili ya kutazamwa. Majibu yakianza kufanana, ujumbe umekwisha kuwa wa kukariri hata kama maneno yake ni mazuri. Kuna na mgeni ambaye hakupungukiwa na kitu. Kwake hatua ya radhi haipaswi kubuniwa. Hutoshelezwa na swali moja la jambo dogo, kama chai ya saa kumi na moja ilikuwa tayari au la, na ombi la kujulisha akifika.

Yote haya hutegemea kitu kisicho cha lugha. Kijana wa mapokezi hawezi kuandika *maji yaliyokatika jana usiku* asipokuwa ameandika mahali kwamba yalikatika, saa ngapi, na vyumba vipi vilikosa. Katika daftari la wageni safu hizo hazimo: mna jina, nambari ya kitambulisho, mahali atokako, mahali aendako na sahihi. Ubavuni, baada ya safu ya sahihi, kwa kawaida hubaki ukingo mweupe wa karatasi unaotosha mstari mmoja.